Urukususu, presha na vidonge vya maji: jinsi ya kuutambua, kuuacha na kuifuatilia potasiamu

Mtu anameza dawa zake za presha bila kuruka siku, chumvi amepunguza, na bado kipimo kinapanda wiki baada ya wiki. Miguu imekuwa mizito, na ngazi alizozizoea sasa hapandi bila kushika ukuta. Kliniki inamwongezea kidonge cha maji, na siku kumi baadaye yuko hoi kuliko mwanzo. Hali kama hii ina sababu nyingi, ila iko moja ambayo mara chache huandikwa kwenye kadi, kwa kuwa mgonjwa mwenyewe haihesabu kuwa ni dawa. Ni mzizi wa urukususu, uliomo kwenye unga wa tumbo, chai ya koo au dawa ya kikohozi anayotumia kila siku.

Mwongozo huu unamhusu hasa mtu mwenye presha anayetumia kidonge cha maji, yaani dawa ya kukojoza, pamoja na jamaa wanaomuuguza. Asiye na presha pia anaweza kudhurika, lakini kwa huyu wa kwanza madhara huja mapema, na matibabu ya kawaida yanaweza kuyachochea badala ya kuyatuliza.

Mzizi unafanya nini ndani ya figo

Utamu wa urukususu unatoka kwenye kemikali iitwayo glisirizini. Ikifika kwenye utumbo, bakteria huivunja ikawa asidi ya glisiretini, na hiyo ndiyo inayoingia kwenye damu na kufanya kazi tunayoizungumzia hapa.

Figo zina kipande cha mwisho cha mirija ambako mwili huamua kiasi gani cha chumvi kibaki na kiasi gani kitoke. Homoni ya aldosteroni ndiyo inayotoa amri: rudisha chumvi, toa potasiamu, madini ambayo misuli na moyo huyahitaji ili vifanye kazi. Homoni hiyo ni ufunguo, na seli za figo zina kufuli lake. Tatizo ni kwamba homoni nyingine, kortisoli, nayo inaingia kwenye kufuli hilo hilo vizuri kabisa, na kiasi chake kwenye damu ni mamia ya mara kuliko aldosteroni. Kwa sababu hiyo seli za figo zina kimeng'enya kinachoigeuza kortisoli kuwa kortisoni, ambayo haiwezi kulifungua kufuli hilo.

Asidi ya glisiretini inakizuia kimeng'enya hicho. Kortisoli inapita ikiwa nzima, inafungua makufuli, na figo zinaanza kurudisha chumvi na maji kana kwamba aldosteroni imefurika. Maji yaliyobaki yanapandisha presha, potasiamu inatoka na mkojo, na mtu huongezeka uzito au kuvimba vifundo vya miguu. Mwili ukiona chumvi imejaa unapunguza aldosteroni yake wenyewe, wala haisaidii, kwa sababu kazi sasa inafanywa na kortisoli.

Jambo hili si jipya. Mwaka 1946 daktari Mholanzi aitwaye Revers aliripoti kuwa dawa ya urukususu aliyowapa wagonjwa wa vidonda vya tumbo iliwasaidia maumivu, lakini baadhi yao walivimba. Karibu miaka 80 baadaye bado watu wanautumia mzizi kwa tatizo lile lile la tumbo, na wanapata madhara yale yale.

Kwa nini kidonge cha maji hakiponyi hali hii

Mtu angedhani kwamba kama mzizi unabakiza maji, basi kidonge cha kuyatoa ndicho dawa yake. Kwa upande wa uvimbe kuna ukweli kidogo hapo. Kwa upande wa potasiamu ni kinyume kabisa.

Kidonge cha maji cha kawaida, iwe haidroklorothiazaidi au furosemaidi, kinafanya kazi sehemu ya juu ya mirija ya figo. Kinazuia chumvi isirudishwe pale, nayo inateremka kwa wingi hadi kwenye kile kipande cha mwisho. Huko ndiko chumvi inakobadilishwa na potasiamu: chumvi inaingia mwilini, potasiamu inatoka. Hata bila urukususu, ndiyo sababu vidonge hivi hushusha potasiamu. Sasa weka urukususu, ambao umeamrisha kipande kile cha mwisho kibadilishe kwa nguvu zote. Kidonge kinaleta chumvi nyingi pale, mzizi unahakikisha kila inayoweza kubadilishwa imebadilishwa, na potasiamu inamwagika kwa njia mbili kwa mpigo.

Kuna hatari nyingine iliyojificha. Kidonge cha maji kinaweza kuondoa uvimbe na hata kuzuia presha isipande sana, hivyo dalili ambazo zingemshtua mtu zinafunikwa, huku potasiamu ikiendelea kushuka kimyakimya. Dalili ya kwanza inaweza kuwa moyo kupiga ovyo.

Wengi husema, "Mimi niko salama, kwa sababu dawa yangu ina losatani," au enalaprili, na ni kweli kwamba dawa hizo kwa kawaida huzuia potasiamu isishuke. Lakini zinafanya hivyo kwa kuikata njia inayoleta aldosteroni, na kwa mtu anayetumia urukususu njia hiyo mwili umekwisha kuizima wenyewe. Dawa inabaki na kazi kidogo tu, kwa presha na kwa potasiamu pia. Usiitegemee kama kinga.

Hatua ya kwanza: utafute urukususu nyumbani

Usiulize tu, "Je, unatumia urukususu?" Wengi watajibu hapana kwa uaminifu kabisa, kwa sababu wanaujua kwa jina lingine. Kwenye maduka ya viungo ya Kihindi Mombasa, Dar es Salaam na Unguja unauzwa kama mulethi au jethimadi. Waliozoea Oman na nchi za Ghuba wanaufahamu kama irki susi. Kwenye vifurushi vya dawa za Kihindi huandikwa yashtimadhu, na kwenye mchanganyiko wa dawa za Kichina ni gan cao. Nchini Uholanzi peremende nyeusi za mzizi huu zinaitwa "drop", Uswidi "lakrits", Ufini "lakritsi" au "salmiakki". Jina moja la kisayansi huweza kukutoa kwenye utata wote huo ukiliona kwenye lebo: "Glycyrrhiza". Kwa kawaida linafuatwa na "glabra" au "uralensis", na yote mawili yana glisirizini. Kwa Kiingereza lebo husema "liquorice" au "licorice".

Weka mezani kila kitu kinachoingia kinywani ambacho hakikuandikwa na daktari: chai za majani kwenye vipakiti, dawa za kikohozi za mitishamba, unga wa tumbo, vijiti vya kutafuna, peremende za koo, tumbaku ya kutafuna, chai za kupunguza uzito na za kulainisha choo. Soma lebo moja moja. Chai za kulainisha choo zinastahili jicho la pekee, kwa sababu baadhi huchanganya urukususu na sanamaki, na kuharisha nako kunatoa potasiamu. Mtu anayetumia chai kama hiyo pamoja na kidonge cha maji anaipoteza kwa njia tatu.

Unga usio na lebo ni kazi ngumu zaidi. Mzizi wa urukususu ni wa njano ndani, na unga wake hudhurungi ya njano. Utamu wake hauji haraka kama wa sukari. Unakuja polepole, unakaa nyuma ya ulimi na kubaki muda mrefu baada ya kumeza. Ukisikia utamu wa namna hiyo kwenye unga ambao hakuna aliyetia sukari wala asali, uuhesabu kuwa una urukususu mpaka muuzaji akuonyeshe vinginevyo. Mwulize kwa majina yote, mulethi na jethimadi yakiwemo.

Si peremende zote nyeusi zilizo na mzizi huu. Nyingi zinazouzwa Marekani zimetiwa ladha ya anisi tu na hazina mzizi, huku nyingi za Ulaya kaskazini zikiwa nao kweli. Sheria ya Umoja wa Ulaya inasaidia hapa: peremende yenye gramu 4 za glisirizini au zaidi kwa kilo lazima iandikwe onyo kwamba wenye presha wajiepushe kula nyingi. Kukosekana kwa onyo hilo hakumaanishi kwamba mzizi haumo.

Unaweza pia kukutana na bidhaa yenye herufi "DGL". Huo ni urukususu ulioondolewa glisirizini, na kama kazi ya kiwandani ilifanywa sawasawa hauna madhara haya. Unga uliosagwa dukani hauwezi kuwa wa aina hiyo, hata muuzaji akisema hivyo.

Hatua ya pili: kadiria kiasi

Kamati ya wanasayansi ya chakula ya Umoja wa Ulaya mwaka 2003 ilipendekeza mtu mzima asizidishe miligramu 100 za glisirizini kwa siku. Wataalamu wa FAO na Shirika la Afya Duniani walifikia kiwango hicho hicho mwaka 2005, wakieleza kuwa hakitarajiwi kuwadhuru walio wengi. Lakini utafiti wa Uswidi uliochapishwa mwaka 2024 uliwapa vijana 28 wenye afya njema miligramu 100 kila siku kwa wiki mbili, na namba ya juu ya presha yao ilipanda kwa wastani wa pointi 3 hivi. Hao walikuwa wazima, wasio na dawa yoyote ya presha. Kwa mtu wa kidonge cha maji, sisi tunashauri sifuri.

Hesabu bado ina faida, kwa sababu itamwonyesha daktari ukubwa wa jambo. Famakopea ya Ulaya, yaani kitabu cha viwango vya dawa, inataka mzizi mkavu wa dawa uwe na angalau asilimia 4 ya glisirizini. Kijiko cha chai cha unga, kikiwa sawa bila kilima, kina gramu 2.5 hivi. Asilimia 4 ya gramu 2.5 ni miligramu 100. Maana yake kijiko kimoja cha chai kwa siku, kikimezwa chote, tayari kimefikisha kiwango cha juu, na mizizi mingine ina zaidi ya asilimia 4. Ukichemsha vipande na kuvichuja unapata pungufu ya hapo, kwa kuwa sehemu hubaki kwenye makapi. Kuchemsha tena vipande vile vile na kunywa mchana kutwa kunarudisha sehemu kubwa ya tofauti hiyo.

Andika kwenye karatasi mambo matatu: vijiko au vikombe vingapi kwa siku, tangu lini, na kama unga unamezwa au unachujwa. Muda una uzito sawa na kiasi. Kikombe kimoja cha siku moja kwa koo linalowasha si sawa na kikombe kila siku kwa mwezi. Kwa kawaida madhara hujitokeza ndani ya wiki mbili za matumizi ya kila siku, na kwa wazee huweza kuwahi. Mwenye choo kigumu pia hudhurika upesi, kwani dawa ikikaa utumbo mpana muda mrefu, nyingi zaidi hufyonzwa.

Hatua ya tatu: soma pakiti ya dawa zako

Kidonge cha maji mara nyingi kimefichwa ndani ya kidonge kingine. Pakiti ya losatani yenye herufi "H" pembeni, au "HCT", "HCTZ" au neno "Plus", kwa kawaida ina haidroklorothiazaidi ndani, miligramu 12.5 au 25. Vingine vinavyomwaga potasiamu ni bendroflumethiazaidi, indapamaidi, klorthalidoni na furosemaidi, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Lasix. Yote hii hesabu kuwa ni vidonge vya maji.

Spironolaktoni ni kidonge cha maji cha aina tofauti. Kinaziba lile kufuli lenyewe, na madaktari huweza kukitumia kutibu hali hii. Hilo halimpi anayekimeza ruhusa ya kuendelea na mzizi, kwa sababu dawa na mzizi vitakuwa vinavutana na hakuna atakayejua nani anashinda mpaka damu ipimwe.

Angalia pia kama kuna digoksini, dawa ya moyo. Potasiamu ikishuka, kipimo kile kile cha digoksini kilichokuwa salama huwa sumu kwa moyo. Mtu anayetumia digoksini, furosemaidi na urukususu kwa pamoja asisubiri dalili. Aende apimwe siku hiyo hiyo. Prednisoloni, na salbutamoli ikitumiwa kwa wingi na wenye pumu, nazo hushusha potasiamu, basi ziandikwe kwenye ile karatasi.

Mfano mmoja, namba kwa namba

Tuchukue mfano wa kutunga, wenye namba zinazofanana na zile zinazoonekana kliniki. Mama wa miaka 61 anaishi Tanga. Anatumia amlodipini miligramu 5 na kidonge kimoja chenye losatani 50 na haidroklorothiazaidi 12.5. Presha yake imetulia kwenye 136/84, na potasiamu ya mwisho ilikuwa 4.1. Tumbo linamuunguza, na shoga yake anampa unga wa mulethi: kijiko cha chai asubuhi na kingine usiku, kwa maji ya uvuguvugu na asali. Hizo ni gramu 5 kwa siku, yaani miligramu 200 za glisirizini, maradufu ya kiwango cha juu.

Tumbo linatulia wiki ya kwanza, na hilo linampa imani na unga. Mwisho wa wiki ya pili presha ni 150/90. Wiki ya tatu ni 164/98, na uzito umeongezeka kilo 2. Kliniki inamuuliza kama anakunywa dawa, anasema ndiyo, na ni kweli. Haidroklorothiazaidi inapandishwa hadi 25. Kilo zile 2 zinaondoka, presha inashuka hadi 154/94, na kila mtu anadhani mambo yanakwenda vizuri. Siku kumi baadaye anaamka usiku mara nne kukojoa, choo kimefunga, misuli ya ndama inambana, na akichuchumaa hawezi kuinuka bila kushikwa mkono. Moyo unaruka mapigo.

Hapa njia mbili zinatengana. Jamaa wakimpeleka dispensari na kusema tu "hana nguvu", kuna uwezekano atatundikiwa dripu ya glukosi. Glukosi inaamsha insulini, insulini inaisukuma potasiamu kutoka kwenye damu kuingia ndani ya seli, na ile kidogo iliyobaki kwenye damu inazidi kushuka. Wakisema "anatumia kidonge cha maji, na kwa wiki tano amekuwa akimeza unga wa mulethi, tunaomba potasiamu ipimwe na moyo upigwe ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo", anapimwa na kukutwa na 2.6. Hiyo ni potasiamu ndogo kiasi kwamba anapaswa kulazwa na kuangaliwa moyo.

Unga unaachwa siku hiyo. Daktari anasimamisha haidroklorothiazaidi, anampa potasiamu na kupima magnesiamu, kwa sababu magnesiamu ikiwa chini potasiamu haipandi hata ukiimwaga. Siku ya tatu ni 3.2. Baada ya wiki mbili ni 4.0, na presha 140/86. Vidonge vya potasiamu vinaachishwa, na daktari anaamua upya kama kidonge cha maji kinahitajika. Tumbo linapimwa bakteria wa vidonda na kutibiwa kwa dawa zake.

Hatua ya nne: acha mzizi, usiache dawa

Ukishagundua urukususu, uache wote siku hiyo. Hakuna haja ya kupunguza kidogo kidogo, na kuacha ghafla hakuna hatari. Usibakize "kikombe kimoja cha usiku tu".

Dawa za presha, pamoja na kidonge cha maji, usiziache kwa uamuzi wako. Kama kidonge cha maji ulipewa kwa ajili ya moyo ulioshindwa kusukuma damu, kukiacha ghafla kunaweza kujaza maji mapafuni. Mpigie anayekutibu au nenda kliniki ndani ya siku moja au mbili, ukiwa na ile karatasi na bidhaa yenyewe mkononi. Yeye ataamua kama kidonge kisimame, kipunguzwe au kiendelee. Kubwa ni kwamba asikuongezee kabla ya kujua habari ya mzizi.

Dalili hizi hazisubiri miadi: moyo kuruka mapigo au kwenda mbio bila sababu, kuzirai, kushindwa kuinua miguu au mikono, kupumua kwa shida, mkojo kuwa na rangi ya chai ya rangi, au presha ya 180/120 na zaidi ikiambatana na maumivu makali ya kichwa, kifua au kuona ukungu. Mkojo wa rangi hiyo pamoja na misuli kuuma huashiria kwamba misuli yenyewe imeanza kuvunjika kwa kukosa potasiamu, na mabaki yake yanaziumiza figo. Nenda hospitali yenye maabara na mashine ya ECG, usiku au mchana.

Usijitibu kwa ndizi. Ndizi mbivu ya wastani ina potasiamu kama miligramu 400, au milimoli 10. Kushuka kutoka 4 hadi 3 kwenye damu kunaashiria kwamba mwili mzima umepungukiwa na milimoli kama 200 hadi 400, maana nyingi imo ndani ya seli. Hizo ni ndizi 20 hadi 40, huku figo zikiendelea kuimwaga. Ndizi, maharage, viazi na maji ya dafu ni chakula kizuri kwa mtu mwenye figo nzima, ila si matibabu ya 2.6. Vidonge vya potasiamu navyo usinunue dukani, hasa kama unatumia losatani au enalaprili au figo zako ni dhaifu. Potasiamu ikizidi inasimamisha moyo sawa na ikipungua.

Hatua ya tano: kipimo cha damu, na jinsi kinavyodanganya

Omba vipimo vitatu kwa mara moja: potasiamu, sodiamu na kreatinini. Magnesiamu iongezwe kama maabara inaiweza. Potasiamu ya kawaida ni 3.5 hadi 5.0 hivi kwa kipimo cha mmol/L, na mipaka hutofautiana kidogo kati ya maabara. Kati ya 3.0 na 3.4 ni upungufu mdogo, 2.5 hadi 2.9 ni wa kati, na chini ya 2.5 ni wa hatari kubwa. Mwenye ugonjwa wa moyo au anayetumia digoksini huhesabiwa kuwa hatarini hata kwenye 3.2.

Kipimo hiki hudanganya kwa upande mmoja hasa. Seli nyekundu zimejaa potasiamu. Zikipasuka kwenye sindano, au damu ikikaa saa nyingi kabla ya kufika maabara, potasiamu yao humwagika kwenye sampuli na namba hupanda. Mtu mwenye 2.8 ya kweli anaweza kurudishiwa 3.7 na kuambiwa yuko salama. Damu itolewe bila kukunja na kukunjua ngumi mara nyingi, mpira wa mkono ulegezwe mapema, na sampuli ifike maabara ndani ya saa moja au mbili. Jibu likija "kawaida" wakati miguu haina nguvu na moyo unaruka, omba sampuli nyingine na ECG. Kwenye ECG potasiamu ya chini ina alama zake: wimbi la T hulala na wimbi la U hutokeza baada yake.

Daktari anayeona presha juu na potasiamu chini atafikiria pia uvimbe wa tezi ya juu ya figo unaotoa aldosteroni nyingi. Kipimo cha aldosteroni na renini, kemikali ya figo inayoamsha aldosteroni, hutofautisha. Kwenye uvimbe huo aldosteroni iko juu, kwenye urukususu zote mbili ziko chini. Ukimtajia mzizi mapema utaokoa gharama ya vipimo hivyo na picha za tumbo.

Hatua ya sita: wiki zinazofuata

Kwa wengi athari hupungua ndani ya wiki moja hadi mbili baada ya kuacha, lakini kwa aliyeutumia miezi mingi mwili huchelewa zaidi kuwasha tena aldosteroni yake. Hapa ndipo kosa la pili hutokea, la upande wa pili. Mgonjwa anaendelea kumeza vidonge vya potasiamu au spironolaktoni alivyopewa siku ya dharura, mzizi umekwisha kutoka mwilini, na potasiamu inapita kiwango. Presha nayo inaweza kushuka mno kwa sababu dawa ziliongezwa kupigana na kitu ambacho hakipo tena. Uliza kabla ya kutoka hospitali: potasiamu ipimwe tena lini? Baada ya upungufu wa kati, jibu linalofaa ni siku chache, kisha wiki moja, kisha wiki ya pili au ya tatu.

Nyumbani pima presha asubuhi kabla ya dawa, na jioni. Kojoa kwanza, kaa umeegemea dakika 5 bila kuzungumza, mkono uwe juu ya meza usawa wa moyo, na chai, kahawa na sigara viwe vimepita nusu saa. Pima mara mbili kwa nafasi ya dakika moja na uandike zote. Kizunguzungu unaposimama, au namba ya juu ya presha ikiwa chini ya 100, ni sababu ya kurudi kliniki dawa zipunguzwe.

Lililomfanya mtu atumie urukususu lazima litibiwe, la sivyo ataurudia. Kikohozi kilichozidi wiki mbili kinahitaji kupimwa kifua kikuu. Kikohozi kikavu kwa anayetumia enalaprili huenda kinaletwa na enalaprili yenyewe, na dawa ikibadilishwa kinaondoka. Tumbo linalounguza lipimwe. Na kwenye kadi ya kliniki, ukurasa ule ule wenye majina ya dawa, iandikwe: "Asitumie urukususu, mulethi, jethimadi." Mwuguzi au daktari mgeni atakayeona presha imepanda tena atajua cha kuuliza kabla hajaandika kidonge kingine cha maji.